Tona "orijino" kwa picha za WhatsApp: utazame nini kabla ya kutuma hela

*Kaka, habari za kazi. Nina steshenari ndogo hapa Malimbe, karibu na chuo, natumia HP LaserJet Pro M402dn. Nimepata mtu Dar anauza tona za 26A, anasema ni orijino, sh. 140,000 moja. Anataka hela kwanza, mzigo uje na basi. Amenitumia picha nne, nimekuwekea hapa. Nitajuaje kwa picha tu kama ni feki?*

Nzuri dada, pole na kazi. Usitume hela. Nimezivuta picha zako zote nne kwenye kompyuta nikaziangalia polepole, na kuna mambo mawili humo ambayo muuzaji hawezi kuyaeleza akaeleweka. Lipo na la tatu linalotia shaka, ila kwa ubora wa picha ulizopewa siwezi kulihukumu.

Kwanza tuelewane jambo moja, kwa sababu ndilo linalowachanganya wengi. Boksi na katriji iliyomo ndani ni vitu viwili tofauti, na vinaghushiwa na watu tofauti. Kuna feki ya aina ya kwanza, ambapo boksi limechapwa upya, lebo ya usalama imechapwa upya, na ndani kuna katriji ya kiwanda kisichojulikana. Aina ya pili ni katriji halisi ya HP iliyokwisha kutumika, ikajazwa unga wa bei nafuu, ikarudishwa kwenye boksi halisi. Maboksi matupu yana soko lake, ndiyo maana kila ofisi ninayoihudumia huwa nawaambia wachane boksi na kuikwangua lebo kabla ya kulitupa. Kwa hiyo boksi zuri halikuhakikishii kilichomo ndani. Picha inaweza kukuonyesha kwamba kitu ni feki, lakini haiwezi kukuthibitishia kwamba ni halisi. Ukiishika hiyo, hutababaishwa na picha safi.

Tuanze na picha ya kwanza, ile ya maboksi manne yaliyopangwa moja juu ya jingine, ubavu wenye lebo ukiwa mbele. Muuzaji aliipiga ili uone kwamba mzigo upo, na bila kujua akakupa ushahidi mzito kuliko wote. Kila boksi la tona ya HP lina lebo ndogo ya usalama inayometameta, na juu yake kuna QR kodi pamoja na namba. Namba hiyo ni ya boksi hilo moja tu. Ivute picha hadi uisome kwenye boksi la juu kabisa, kisha shuka hadi boksi la tatu. Ni ile ile, tarakimu kwa tarakimu. Boksi la pili na la nne siwezi kuyasoma kwa sababu ya mwanga, lakini hayo mawili yanatosha. Anayeghushi hutengeneza mchoro mmoja wa lebo akauchapa mara elfu. Kuipa kila lebo namba yake kunahitaji mashine na utaratibu, na wengi hawajisumbui. Kiwandani hakuna sababu ya maboksi mawili kubeba namba moja.

Usiichanganye namba hiyo na bakodi, ile mistari myeusi ya kusomwa na mashine ya dukani. Bakodi inataja aina ya bidhaa, kwa hiyo maboksi yote ya 26A ya toleo moja yatakuwa na bakodi moja, na ni sawa kabisa. Ndiyo maana muuzaji akikuambia "iskani bakodi uone, inaleta HP", hajakuthibitishia chochote. Bakodi halisi inanakiliwa na yeyote mwenye kamera.

Hili la namba ndilo ningekushauri ulitegemee kuliko yote unaponunua kwa mbali, kwa sababu halihitaji kamera nzuri wala jicho la fundi. Ukitaka tona moja, omba picha ya lebo za maboksi matatu au manne hata kama huyanunui. Mwenye mzigo halisi atakutumia. Mwenye feki ataanza kukuambia stoo imefungwa.

Picha ya pili ni lebo hiyo hiyo kwa karibu, imepigwa kwa flashi. Hapa ndipo wengi wanadanganyika, maana wanaona kitu kinang'aa rangi za upinde wa mvua wakasema hologramu ipo. Kung'aa si kazi. Karatasi ya kung'aa inauzwa kwa mita. Kilichowekwa kwenye lebo ya HP ni mwendo: kuna neno OK na alama ya tiki, na ukiliinamisha boksi, alama hizo zinasogea. Ukiliinamisha kwa mwelekeo mmoja zinafuatana, ukiliinamisha kwa mwelekeo mwingine zinapishana. Lebo ya kughushi mara nyingi inabadili rangi tu huku OK na tiki zikibaki palepale zilipochapwa.

Sasa mwendo hauonekani kwenye picha mnato, na flashi ndiyo inayoharibu zaidi, kwa kuwa inaunguza sehemu yote ya kung'aa ikabaki weupe. Kwa hiyo picha yako ya pili haisemi chochote, si kwa uzuri wala kwa ubaya. Dawa yake ni video. Mwambie muuzaji asimame karibu na dirisha au mlangoni, azime flashi, alishike boksi kwa mkono mmoja na simu kwa mkono mwingine, aliinamishe mbele na nyuma, kisha kushoto na kulia, taratibu, kwa sekunde kumi au kumi na tano bila kukata. Katika video hiyo hiyo boksi lionyeshwe pande zote, na pembeni kuwe na karatasi iliyoandikwa kwa mkono jina la duka lako na tarehe ya siku hiyo. Karatasi ile ni muhimu, maana wapo wanaotuma video za watu wengine. Ukiona mistari ya mawimbi imetanda kwenye picha nzima, pamoja na meza na ukuta, ujue mtu amepiga picha ya skrini ya simu au kompyuta, na boksi lenyewe hana mkononi.

Kuhusu QR kodi, unaweza kuisoma kutoka kwenye picha kwa kutumia simu ya pili, lakini usiangalie tu kama ukurasa uliofunguka una nembo ya HP. Angalia anwani. Maneno yaliyo kabla tu ya mkwaju wa kwanza, baada ya `https://`, ndiyo mwenye nyumba. Yanatakiwa yawe `hp.com` yenyewe, au yaishie na `.hp.com`, nukta ikiwemo. Ikiwa hp imeunganishwa na maneno mengine, kwa kistari au bila kistari, au `hp.com` inafuatiwa na nukta na jina jingine kabla ya mkwaju, huo ni ukurasa wa mtu mwingine. Njia salama zaidi ni kuachana na kodi, ukaandika mwenyewe `hp.com/go/ok` kwenye simu kisha ukaingiza namba ya lebo. Na hata hapo, jibu zuri lina mpaka wake. Mtu akinakili lebo halisi moja, namba aliyoinakili ni ya kweli. Ndiyo sababu nimeanza na kulinganisha namba za maboksi kadhaa.

Picha ya tatu ni ncha ya boksi, mahali linapofunguliwa, na inabeba mambo mawili: gundi na maandishi madogo.

Gundi kwanza. Boksi la kiwandani limefungwa kwa gundi ya moto iliyowekwa na mashine, kwa hiyo masikio ya boksi yamelala sawasawa, pembe zimekutana, na hakuna gundi iliyotoka nje. Ukilifungua, karatasi ya juu inachanika na kuacha nyuzinyuzi za kahawia za kadibodi. Jeraha hilo halifichiki. Anayelifunga upya atabandika selotepu juu yake, au atapaka gundi nyingine ambayo itatengeneza mstari wa pili kando ya ule wa zamani, na sikio la boksi litainuka kidogo kwa sababu sasa kuna tabaka mbili za gundi chini yake. Kwenye picha yako, upande wa kushoto wa sikio, kuna kipande cha selotepu safi, na chini yake unaona doa la kahawia ambapo rangi nyeupe imebanduka. Boksi hilo limewahi kufunguliwa. Inawezekana ndilo alilolifungua ili akupigie picha ya nne, na kama ni hivyo si kosa. Muulize. Akisema hajafungua boksi lolote, basi ile katriji ya picha ya nne imetoka wapi?

Maandishi madogo ndilo lile jambo la tatu nililosema siwezi kulihukumu. Nieleze kwanza kinachotafutwa. Maandishi madogo meusi kwenye boksi la kiwandani huchapwa kwa wino mmoja mzima, kwa hiyo hata ukiyakuza sana, ukingo wa herufi unabaki mkali na ndani ya herufi ni weusi mtupu. Anayeghushi kwa haraka anachukua boksi halisi, analiskani, kisha analichapa kwa mashine ya rangi nne. Mashine hiyo haijui kwamba hii ni herufi na hii ni picha. Inachapa kila kitu kwa nukta ndogondogo za bluu, waridi, njano na nyeusi. Matokeo yake ni herufi zenye ukungu wa rangi pembeni, hasa kwenye maandishi ya ukubwa wa milimita moja au mbili, na rangi ya bluu iliyotakiwa kuwa tambarare inaonekana imetengenezwa kwa nukta. Pa kutazama ni kwenye matundu ya herufi kama "e" na "a", na kwenye mistari myembamba ya bakodi. Yakiwa yamejaa au yana mpaka wa waridi upande mmoja na bluu upande mwingine, unatazama nakala iliyoskaniwa.

Tatizo ni WhatsApp. Picha ikitumwa kama picha inapunguzwa ukubwa na kubanwa, na kubanwa huko kunazalisha ukungu wake mwenyewe kuzunguka kila herufi. Mtu asiyejua anaweza kumtuhumu muuzaji mwaminifu kwa kosa la programu ya simu. Namna ya kutofautisha ni kutazama vitu vingine vilivyomo kwenye picha hiyo hiyo. Ukungu wa kubanwa unashika kila ukingo mkali, hata ukingo wa meza na kucha za mtu aliyeshika boksi, na ukiuvuta sana unaona vimraba. Nukta za uchapaji zipo kwenye boksi tu, zimejipanga kwa safu zenye mpangilio, na meza iliyo pembeni haina. Kwenye picha yako vimraba viko kila mahali, hadi kwenye kidole gumba cha muuzaji. Kwa hiyo sisemi uchapaji wake ni mbaya. Nasema sijauona.

Ukimwomba picha nyingine, mwambie aitume kama faili: abonyeze alama ya kuambatisha kisha achague `Document` badala ya kuchagua picha. Hapo inafika kama kamera ilivyoipiga. Na asiisogeze simu hadi igusane na boksi, kwa kuwa kamera nyingi za simu haziwezi kulenga karibu hivyo na picha inatoka na ukungu. Arudi nyuma kama urefu wa rula ya shule, avute mara mbili, na mwanga utoke ubavuni. Aweke na sarafu pembeni ili ujue ukubwa wa unachokitazama.

Nikupe na mpaka wa kipimo hiki. Kinamnasa mghushi wa skana. Mwenye kiwanda aliyechora boksi upya herufi kwa herufi hawezi kunaswa kwa nukta, huyo atanaswa kwa namba za lebo na kwa mwendo wa OK. Mara chache unaweza kumkuta kwenye kosa la tahajia au aina ya herufi isiyolingana, lakini siku hizi usilitegemee hilo.

Picha ya nne ndiyo iliyonifanya niseme usitume hela hata kama maboksi yangekuwa mazuri. Ni katriji nje ya mfuko wake, imepigwa mahali ilipo chipu. Chipu ni kile kibao kidogo kwenye mwisho mmoja wa katriji chenye vibati vya rangi ya dhahabu. Katriji inapoingia kwenye printa, vibati hivyo vinakutana na vipini vya chuma vyenye springi, na hapo ndipo printa inasoma: mimi ni 26A, namba yangu ni hii, nimeshachapa kurasa kadhaa. Katika kuingia, vipini vinakwaruza. Ni mikwaruzo ile ile unayoikuta kuzunguka tundu la kitasa cha zamani: myembamba, imeelekea upande mmoja, upande ambao kitu huingilia.

Katriji mpya inaweza kuwa na alama nyepesi moja, kwa sababu hujaribiwa kiwandani. Hiyo isikutishe. Kinachotisha ni mistari kadhaa iliyolala sambamba kwenye kibati kimoja, ikiwa imepishana kidogo, maana katriji haikai mahali palepale kabisa kila inapoingizwa. Kuza picha yako kwenye kibati cha kushoto. Nahesabu mistari mitatu iliyo wazi, na mmoja kati yake umekwangua hadi rangi ya dhahabu imefifia na metali ya chini inaonekana kijivu. Katriji hii imeingia na kutoka kwenye printa zaidi ya mara moja. Kitu kilichokaa ndani ya boksi la kiwandani hakiwezi kuwa na historia hiyo.

Shuka chini ya chipu. Kwenye ukingo wake wa chini kuna kitu cheupe kama maziwa kilichoganda, kimemwagikia plastiki. Ni gundi. Chipu ya kiwandani imekaa kwenye nafasi yake kwa kubanwa na plastiki yenyewe, imenyooka na haina haja ya gundi kumwagika. Mtu aliing'oa akairudisha, au aliweka iliyotoka kwenye katriji nyingine. Sababu yake inaeleweka: chipu halisi inakumbuka kwamba katriji imekwisha tumika, kwa hiyo anayejaza unga hubadili chipu ili printa ione katriji imejaa.

Usije ukageuza jambo hili ukasema chipu safi ni katriji mpya. Anayejaza vizuri ataweka chipu mpya kabisa isiyo na mkwaruzo hata mmoja. Hapo acha chipu, tazama mwili: ncha ya dramu na meno ya gia. Gia iliyozunguka kwa maelfu ya kurasa inang'aa kwenye meno, na mifereji ya plastiki ina unga mweusi uliojibana ambao kitambaa hakikuufikia. Chipu mpya juu ya gia chakavu ni jibu tosha. Na usihukumu kwa rangi ya dhahabu peke yake. Chini ya taa ya njano, hata bati linaonekana dhahabu. Ukitaka kulinganisha rangi, karatasi nyeupe iwepo ndani ya picha, na kama karatasi inaonekana njano, ujue rangi zote za picha hiyo haziaminiki.

Lipo jambo moja la haki upande wa muuzaji. Mwenye tona halisi iliyofungwa ana sababu ya kukataa kuifungua ili akupigie picha ya chipu, kwa kuwa akishaifungua nani ataichukua? Kwa hiyo kwa mzigo uliofungwa, omba namba za lebo, video ya kuinamisha, na picha ya masikio ya boksi. Chipu utaitazama mwenyewe ukipokea. Kilichonishangaza kwa muuzaji wako ni wepesi wake wa kutoa katriji nje na kuipiga picha bila hata kuombwa.

Na kama lengo lako ni kupunguza gharama, si lazima ununue kilichoandikwa HP. Tona mbadala ya kampuni nyingine, iliyoandikwa jina lake yenyewe kwenye boksi, na hata katriji iliyojazwa na fundi anayekuambia wazi kwamba ameijaza, ni biashara halali, na mimi nafunga nyingi hapa Mwanza. Unajua unachonunua na unalipa bei yake. Tatizo la huyu ni kwamba anakuuzia katriji iliyojazwa kwa bei ya kati, chini ya orijino lakini mbali juu ya bei ya kujaza. 26A halisi imepimwa na HP kutoa takriban kurasa 3,100 za maandishi ya kawaida, yaani karatasi yenye wino kama asilimia 5 tu ya eneo lake. Iliyojazwa ovyo inaweza kukufikisha nusu, au ikafika mwisho huku kila karatasi ina mstari mweusi pembeni, na wanafunzi wa SAUT hawapokei ripoti ya utafiti yenye mistari.

Ukitaka kumpa nafasi ya mwisho, mwandikie hivi: "Naomba video moja isiyokatwa, bila flashi, ukiinamisha boksi mbele na nyuma, kisha kushoto na kulia, pamoja na karatasi yenye jina la duka langu na tarehe ya leo. Halafu picha ya lebo za maboksi yote manne, moja moja, zitume kama `Document`. Nitalipa mzigo ukifika nikishaukagua, na nahitaji risiti ya EFD iliyoandikwa CF226A, yaani 26A." Usimtajie kwamba umeona namba zinazofanana. Ukimwambia, atafunika namba kwenye picha zijazo, na wewe utakuwa umepoteza kipimo chako kizuri.

Mzigo wowote ukija, wake au wa mwingine, upokee pale stendi ya Nyegezi na uufungulie dukani huku mtu anakupigia video tangu boksi likiwa limefungwa. Kagua chipu kabla ya kuiingiza, kwa sababu ukishaiingiza mikwaruzo itakuwa ya printa yako na hutakuwa na la kusema. Kisha iweke kwenye M402dn, ingia `Reports`, chagua `Supplies Status`, uchape ukurasa huo. Tazama idadi ya kurasa zilizochapwa na katriji hiyo na tarehe iliyowekwa mara ya kwanza. Kwa katriji mpya, tarehe iwe ya leo na kurasa ziwe mbili tatu tu. Ukikuta tarehe ya miezi iliyopita, chipu imesema kweli kuliko muuzaji. Ukikuta namba nzuri lakini gia zimechakaa, amini gia.

Ukithibitisha ni feki na hela imeshatoka, usiitupe. Katriji, boksi, risiti, video na mazungumzo yote ya WhatsApp viwe pamoja, upeleke malalamiko Tume ya Ushindani, FCC, ambao ndio wanaoshughulikia bidhaa bandia chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963. Boksi lenye namba iliyojirudia litawasaidia kuliko maelezo marefu, kwa hiyo ukiwa na mawili yenye namba moja, peleka yote mawili.